Nani Analipa Mvua ya Akello?

*Ninaandika riwaya ya fantasia inayotokea ukingoni mwa Ziwa Kyoga. Binti wangu, Akello, ana nguvu ya kuita mvua, na kila akiita anachoka na damu inamtoka puani. Halafu kuna Ziwa lenyewe, ambalo lina akili yake na hakuna anayelielewa. Mwishoni Akello ameishiwa nguvu, wavamizi wanakaribia mwalo kwa mitumbwi, Ziwa linainuka na kuwameza. Baadaye bibi yake anaeleza kwamba Ziwa lilimpenda tangu azaliwe. Watu watatu wamesoma muswada na wote wanasema mwisho umedondoka tu kutoka hewani. Mmoja ananishauri nieleze kanuni zote za nguvu hizi, mwingine anasema nikieleza nitaua uzuri wake. Nimsikilize nani?*
*Msomaji, Soroti*

Ndugu yangu wa Soroti, wasikilize wote wawili, ila kila mmoja kwenye kurasa zake. Anayetaka kanuni anamzungumzia Akello. Anayetaka fumbo libaki fumbo anazungumzia Ziwa. Tatizo la muswada wako ni kwamba mwishoni umewabadilishia kazi: nguvu ambayo msomaji anaijua imeishiwa, na nguvu ambayo haijui ndiyo imekuja kumaliza vita.

Mwandishi Mmarekani Brandon Sanderson aliliweka jambo hili katika kanuni aliyoichapisha mwaka 2007. Kwa maneno yangu: uwezo wako wa kutatua shida za wahusika kwa nguvu za ajabu unalingana na jinsi msomaji anavyozielewa nguvu hizo. Kanuni hiyo hailazimishi kila riwaya iwe na nguvu zilizopimwa kwa mizani. Inahusu utatuzi peke yake. Nguvu ikimwingiza mhusika matatani, hakuna atakayekuuliza imetoka wapi. Ikimtoa, kila mtu atauliza.

Sisi tuliokua na vitendawili tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Anayetega kitendawili anakupa kila unachohitaji ili utegue. Ukishindwa, unatoa mji, na jibu likitajwa unajipiga kofi kwenye paji la uso kwa sababu lilikuwa mbele yako muda wote. Lakini mtu akitega, kisha akataja jibu lisilogusa neno hata moja katika alivyotega, hapewi mji. Wasomaji wako watatu wamekataa kukupa mji.

Kabla sijaingia ndani, neno moja kuhusu lugha. Naona umeandika "nguvu" na hukuandika "uchawi", nami nakuomba usibadilishe. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu mwenye nia mbaya, na msomaji akikutana na neno hilo sura ya kwanza atasubiri Akello amdhuru mtu. Ukiandika "uganga" utamletea msomaji picha ya tiba, hirizi na malipo kwa mganga. "Nguvu" halina mzigo wowote, kwa hiyo mzigo utauweka wewe.

Sasa tazama hadithi ambayo karibu kila msomaji wako wa Uganda anaijua, ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi. Ggulu, baba yake Nambi, anawaambia waondoke mbinguni alfajiri, kabla Walumbe, kaka yake Nambi ambaye ndiye Kifo, hajajua, na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu gani. Wanasahau ulezi wa kuku. Wengine husimulia kwamba Nambi ndiye aliyerudi, wengine kwamba ni Kintu, lakini bei inabaki ileile: Walumbe anafuatana nao hadi duniani na watoto wao wanaanza kufa. Baadaye Kayikuuzi, ndugu mwingine wa Nambi, anatumwa kumkamata. Anatoa sharti la pili: watu wote wajifungie ndani, na yeyote atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto waliokuwa nje na mbuzi wanapiga kelele, Walumbe anazama tena ardhini pale Ttanda, na Kayikuuzi anachoka kumkimbiza.

Angalia kilichoelezwa na kisichoelezwa. Masharti mawili yametajwa waziwazi kabla hayajavunjwa, ndiyo maana hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba ameonewa. Walumbe mwenyewe hajaelezwa. Ametoka wapi na tabia hiyo, kwa nini hashibi, kwa nini ardhi inampokea, hatuambiwi, na hadithi ingepungua uzito kama tungeambiwa. Sharti ni kali, chanzo ni fumbo, na vyote viwili vinakaa katika simulizi moja bila kugombana. Riwaya yako ina mahitaji hayohayo.

Tuanze na Akello, kwa sababu kosa la mwisho limezaliwa kwake. Uchovu na damu ya pua ni bei dhaifu kwa sababu mbili. Kwanza, usingizi unaviponya. Akilala usiku mmoja deni limefutwa, na mvua ya sura ya kumi inamgharimu sawa na ya sura ya tatu. Pili, hakuna anayeweza kuuhesabu uchovu, hata wewe mwandishi. Ukimtaka ashindwe utasema amechoka mno, ukimtaka ashinde utasema alijikaza. Msomaji anahisi mkono wako nyuma ya pazia. Katika riwaya ya Sanderson ya mwaka 2006, watu humeza vipande vya madini na kuviunguza tumboni ili wapate nguvu. Vikiisha, vimeisha, na mtu akisukuma kwa nguvu hiyo chuma kizito kuliko yeye, anayerushwa ni yeye. Hapo msomaji anaweza kupiga hesabu kabla ya mhusika, na kupiga hesabu ndiko kunakompa hofu.

Bei inayofanya kazi ina mambo matatu: inahesabika ukurasani, inachukua kitu ambacho hadithi inakihitaji, na hairudi yenyewe. Nitakupendekezea moja inayotoka katika mahali ulipopachagua, kisha tuipitishe muswada mzima tuone inavyobeba.

Mvua ya Akello ilipwe kwa maji. Kila akiita, chanzo cha maji alichokunywa mara ya mwisho kinakauka, na kinabaki kikavu mpaka mvua za msimu zije na kupita mara mbili. Hiyo ni kanuni ya kwanza na ya pili. Ya tatu: mvua inanyesha upande anaoutazama tu, na wingi wake unalingana na chanzo kilicholipa. Usiongeze ya nne ila ukilazimika. Kanuni tatu msomaji anazibeba kichwani bila kujua kwamba amezibeba. Zikifika saba anaanza kurudi nyuma kutafuta ukurasa.

Usimpe bibi kazi ya kuzitaja. Hili ndilo linaloharibu riwaya nyingi zenye nguvu za kanuni: mzee anakaa kwenye mkeka na kumsomea mjukuu masharti kama karatasi ya dawa. Msomaji ajifunze pamoja na Akello, kwa kulipa. Hivi ndivyo tukio la kwanza huandikwa mara nyingi:

*Akello alifumba macho, akainua mikono. Mvua kubwa ikanyesha. Damu ikamtoka puani, akaanguka chini kwa uchovu. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, kila nguvu ina gharama yake."*

Hakuna kitu hapo ambacho msomaji ataweza kukitumia baadaye. Sasa tukio hilohilo, kanuni zote tatu zikiwemo na hakuna hata moja iliyotajwa:

*Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia. Akello alikunywa kwenye pampu, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasimama akiutazama uwanja wa mpira uliopasukapasuka kwa kiangazi. Mvua ilianzia kwenye goli la mbali. Ikaja polepole hadi kwenye vidole vya miguu yake, ikakoma. Nyuma yake bati la darasa halikupata hata tone. Watoto waliporudi kwenye pampu wakipiga kelele, Opio aliushika mpini akaupandisha na kuushusha, akaupandisha tena.*

*"Mbona inatoa upepo tu?"*

Msomaji wa kawaida atacheka na kuendelea. Lakini amekwisha kuona nani alikunywa wapi, mvua ilisimama wapi, na nini kilikauka. Zikipita sura chache na pampu ikawa bado kavu, amepata na muda wa deni.

Chukua sasa daftari, uchore mistari mitatu ya wima: sura, alichofanya Akello, chanzo kilicholipa. Hili ni daftari la deni, na utalishika mpaka nukta ya mwisho. Kwa kijiji chako ningeweka vyanzo vitano na Ziwa, na ningeugawa muswada wa sura 24 hivi.

Sura ya 3 ni pampu ya shule, kama ulivyoiona. Sura ya 7 anaita mvua kuzima moto wa nyasi, na kisima cha kanisa alichokinywea njiani kinakauka. Hapo ndipo anapoanza kushuku. Katika sura hiyohiyo mwonyeshe akikinga maji ya mvua kwa viganja na kuyanywa, kisha jioni kisima kinachokutwa kikavu ni kile cha kanisa peke yake. Mstari mmoja unatosha. Usipouweka, msomaji mkali atakuuliza kwa nini asiwe anakunywa maji ya mvua kila siku na kuita bila kulipa. Ukishauonyesha, jibu lipo: maji ya mvua hayahesabiki kama chanzo, kwa sababu ndiyo anayokopa.

Sura ya 11 mpe ushindi. Kuna tajiri aliyezungushia uzio bwawa la kunyweshea ng'ombe na kuwafukuza majirani. Akello anapenya usiku, anakunywa bwawani, anaita mvua juu ya mashamba yaliyokauka. Bwawa ni kubwa, kwa hiyo mvua ni ya kutwa nzima. Msomaji atamshangilia kwa sababu ametumia akili, na atakuwa amejifunza kwamba Akello anaweza kuchagua nani alipe. Kisha mwonyeshe mchungaji wa tajiri, kijana wa rika lake, anavyopigwa kwa bwawa lililokauka zamu yake. Bei haikufutika, ilihamia mgongoni kwa mtu mwingine.

Sura ya 15 ndiyo uti wa mgongo wa kitabu, nami ningeipa kurasa nyingi kuliko nyingine. Akello anadhani amepata njia ya kukwepa: anywe maji ya jerikeni nyumbani. Jerikeni si kisima, basi hakuna kitakachokauka. Anakunywa, anaita, jerikeni linabaki limejaa. Anafurahi. Asubuhi habari inakuja kwamba kisima cha zahanati kimekauka, na mdogo wake, ambaye siku hiyo alichoka kwenda mbali, ndiye aliyekuwa ameteka maji pale. Hakuna kanuni mpya iliyoletwa. Kanuni ni ileile: chanzo kinalipa, chombo hakihusiki. Akello aliielewa vibaya, na msomaji pia. Bei kali inapata uzito mhusika anapoifuata sawasawa na bado inamvunja, na hapa inamvunja mbele ya kina mama waliopanga foleni na ndoo tupu.

Sura ya 19 imebaki chemchemi ya bibi. Anainywa akijua, na bibi anamtazama akiinywa.

Hesabu sasa. Vyanzo vitano vimelipa. Chanzo cha mwisho alichokunywa ni chemchemi iliyokwisha kukauka, kwa hiyo akiita hakuna kitu kitakachokuja. Anaishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Ameishiwa nguvu, kama ulivyotaka katika muswada wako, ila sasa ameishiwa kwa hesabu. Hakuna haja ya kumlaza chini akihema.

Lakini kimebaki chanzo kimoja ambacho wewe mwenyewe ulikiweka tangu ukurasa wa kwanza. Tangu utotoni bibi amemkataza Akello kunywa maji ya Ziwa. Kila mtu mwaloni anayanywa, yeye hapana. Msomaji amezoea kuiona marufuku hiyo kama tahadhari za wazee. Sura ya 23 mitumbwi ya wavamizi inaonekana, kijiji kinawaka nyuma ya Akello, naye anapiga magoti majini, anachota kwa viganja, anakunywa. Kisha analigeuzia Ziwa kisogo, kwa sababu mvua hunyesha upande anaoutazama, na upande wa kutazama ni ule unaoungua. Nyuma yake bei inalipwa. Kyoga ni ziwa la maji mafupi, mita chache tu kwa sehemu kubwa, na kila aliyelivuka anajua mtumbwi unavyoweza kukwama kwenye mafunjo. Maji yanaondoka mpaka upeo wa macho. Mitumbwi inalala ubavu kwenye tope, na wanaume wenye mikuki wanazama hadi mapajani kila wanapojaribu kutembea.

Kilichowashinda wavamizi ni bei yenyewe. Ile gharama iliyokuwa ikimwumiza Akello tangu sura ya 3 ndiyo silaha, na hakuna kanuni hata moja aliyoipata siku hiyo. Na deni lipo: kijiji cha wavuvi hakina ziwa mpaka misimu miwili ipite. Huo ndio mwisho utakaopewa mji.

Jihadhari na makosa mawili hapa, nayo hutokea kwa waandishi wazuri. La kwanza ni msamaha wa hisia: mwandishi anamwonea huruma mhusika kwenye kilele, machozi yake au upendo wake vinaifanya nguvu itoke bure. Mara hiyo daftari lote linageuka uongo, na msomaji anajiuliza kwa nini hakulia kule kwenye zahanati. La pili ni kurudisha fedha: katika sura ya mwisho visima vyote vinabubujika tena kwa furaha kabla ya muda wake. Ukifanya hivyo, kijana aliyepigwa kwa ajili ya bwawa alipigwa bure.

Sasa Ziwa. Hapa fuata ushauri wa yule wa pili, lakini fahamu kwamba fumbo nalo lina kazi ya fundi. Waandishi wengi hudhani nguvu isiyoelezwa ni nguvu isiyofikiriwa. Ziwa lako lisiwe na kanuni, ila liwe na tabia. Jirani mgumu humjui moyoni, lakini unajua anavyobisha hodi. Hivyohivyo, lipe Ziwa dalili moja inayotangulia kila linapofanya jambo, tuseme ndege wanaondoka kwenye mafunjo wote kwa pamoja bila kelele. Lisiwahi kufanya lililoombwa. Na kila linachochukua kiwe karibu na kilichotarajiwa, lakini si chenyewe: watu wanahofia mvuvi, wanakuta amerudi salama na mtumbwi haupo.

Halafu, na hili wengi hulisahau, lionyeshe likishindwa. Fumbo lisilo na mpaka wowote linazaa swali moja linaloua kila kitu: kama linaweza yote, kwa nini halikufanya mapema? Mpaka wenyewe usijulikane, lakini uonekane kwamba upo. Una nyenzo nzuri mkononi. Visiwa vya mafunjo vinavyoelea ni jambo la kweli katika maji yetu; Aprili 2020 kisiwa kimoja kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Jinja na nchi ikakosa umeme. Msomaji wa Uganda hahitaji kushawishiwa kwamba kisiwa kinaweza kuamka na kutembea. Basi Ziwa lako livisogeze visiwa usiku, lifunge mwalo huu, lifungue ule. Lakini ufukweni pana mkwaju mzee, na visiwa havivuki mstari wake. Vinafika, vinasita, vinarudi. Watu wanafunga mitumbwi upande wa pili wa mkwaju, na hakuna anayejua kwa nini pako salama. Onyesha hilo mara mbili, bila maelezo, na msomaji ataamini kwamba nyuma ya fumbo kuna sheria asiyoiona. Imani hiyo ndiyo inayotofautisha fumbo na ubabaishaji.

Wanakijiji watataka kueleza, na waache waeleze. Wape wazee watatu maelezo matatu yanayopingana, kila moja likilingana na baadhi ya matukio na kushindwa na mengine. Mmoja aseme mkwaju ulipandwa juu ya kaburi. Mwingine aseme Ziwa linaogopa kivuli. Wa tatu akatae kulizungumzia kabisa. Ukimpa mzee mmoja maelezo na yakalingana na kila kitu, umeandika kanuni bila kukusudia, na sasa Ziwa linadaiwa daftari kama Akello.

Katika muswada wote Ziwa lisimwokoe mtu hata mara moja. Liwatie hofu, liwatenge, libadilishe njia zao, liwapotezee mitumbwi. Sura ya 23 litatoka kama bei, na hapo nguvu zako mbili zitagusana kwa mara ya kwanza: kitu chenye akili yake kimeondolewa na kanuni isiyouliza ruhusa. Je, lilikubali? Lilikasirika? Usijibu. Lakini ndege waondoke kwenye mafunjo kabla Akello hajainua viganja kinywani. Msomaji aliyeifuata dalili hiyo tangu mwanzo atasisimka, na hatakuwa na hakika ni kwa nini.

Utajuaje kwamba umepima vizuri? Tafuta wasomaji wawili au watatu ambao hawajauona muswada. Wape mpaka mwisho wa sura ya 22, kisha uwaulize mambo mawili tu: Akello anaweza kufanya nini sasa, na kitamgharimu nini? Wakishindwa swali la pili, kanuni zako zimefichika mno. Rudi sura ya 7 na ya 11 uzisogeze mbele kidogo. Wakijibu swali la kwanza wote, kwamba atakunywa Ziwa, umeipigia ngoma ile marufuku ya bibi; punguza mara unazoitaja. Mara tatu katika sura 22 zinatosha, na mojawapo iwe katikati ya mazungumzo ya jambo lingine kabisa. Unachotafuta ni watu wanaojua bei na hawaoni mlango, na ukiwapa sura ya 23 wanasema "kumbe!" Wakisema "kwani anaweza hivyo?", bado hujatega.

Kuhusu Ziwa uliza swali tofauti: je, kuna jambo ambalo haliwezi kulifanya? Msomaji akijibu "nadhani kuna, lakini sijui ni lipi", usiguse kitu. Akisema "linaweza lolote", ongeza mkwaju. Akikueleza kanuni zake kwa ufasaha, tafuta sentensi iliyomfundisha, nayo mara nyingi iko mdomoni mwa mzee.

Imebaki sura ya mwisho, na ile hotuba ya bibi kwamba Ziwa lilimpenda Akello. Ifute yote. Inageuza fumbo kuwa baba mlezi, na inarudi kuomba radhi kwa tukio ambalo sasa halina haja ya kuombewa radhi. Badala yake peleka hadithi mbele, misimu miwili ikishapita. Maji yamerudi kwa wakati wake, kama pampu ya shule ilivyorudi. Akello na bibi wanashuka mwaloni alfajiri kufungua mtumbwi. Ukungu unapoinuka wanaona visiwa vya mafunjo vimetulia upande wa huku wa mkwaju, ambako havijawahi kufika, na kimoja kimeegemea mlango wa nyumba yao. Bibi anashika mkono wa Akello. Hakuna anayesema neno.